Uzoefu wangu: ukalimani wa kliniki kwa simu na video

Huu ni mwaka wangu wa pili wa ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza nikiwa nyumbani, hapa Marekani, kupitia kampuni inayounganisha kliniki na wakalimani. Wengi ninaowahudumia ni Wakongo kutoka Kivu. Kazi naipenda, ila mfumo wa simu tupu una upungufu mkubwa linapokuja suala la dawa.

Siku moja nesi alimwelekeza mama mmoja ameze kidonge saa 8:00 asubuhi na saa 8:00 usiku. Nikafasiri kama tunavyosema: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Mama akaitikia. Nesi, kwa bahati njema, akamwomba aeleze atakavyofanya. Akasema, "Mtoto ataniwekea kengele kwenye simu, kwenye mbili." Yaani 2:00! Mtoto amekulia huku, saa za kuhesabu tangu alfajiri hazijui.

Sikuwa na ruhusa ya kumrekebisha mama kimyakimya. Nilimwambia nesi kwa Kiingereza, "Mkalimani anaomba kufafanua," nikaeleza tofauti ya saa zetu, kisha nikamweleza mama hayohayo kwa Kiswahili. Nesi akarudia maelekezo, nami nikafasiri: saa mbili asubuhi, kwenye simu itasomeka nane. Mama akayarudia, safari hii sawasawa. Tangu hapo kila nikifasiri muda wa dawa nataja na namba itakayoonekana kwenye simu, na nesi namwarifu kwamba nimeongeza hilo.

Kwa video mambo huwa mepesi zaidi. Mgonjwa huinua chupa ya dawa, nikajua wanazungumzia ipi, na uso wenye mashaka nauona kabla ya ile "ndiyo" ya heshima. Tatizo ni intaneti: picha ikiganda, sauti nayo hukatika. Niliacha waifai nikachomeka waya moja kwa moja kwenye ruta, na hedifoni isiyo na waya nikabadilisha kwa ya waya yenye maiki mbele ya mdomo. Nilichoka kuomba watu warudie milligramu. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza zinafanana mno kwenye laini mbaya, kwa hiyo nikiwa na shaka hata kidogo nauliza, "Moja-tano au tano-sifuri?"

Kuhusu siri, sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda taarifa za mgonjwa, na mkataba wangu unanibana vilevile. Nafanya kazi chumbani mlango umefungwa, hata mume wangu haingii. Kwenye simu najitambulisha kwa namba, si kwa jina. Jamii yetu hapa ni ndogo, na mara mbili nimeitambua sauti ya mtu ninayemfahamu. Zote mbili nilisema palepale, nikaomba apewe mkalimani mwingine. Namba na majina ya dawa naandika kwenye karatasi, na simu ikikatwa tu, karatasi inapita kwenye mashine ya kuchana kabla sijapokea nyingine.