TAHADHARI: Muuza makoti ya mtumba anayesema "imeshafuliwa, vaa tu"

Jamani, yule dada wa makoti, yule anayetutumia picha kila mzigo mpya ukifika, msinunue kwake. Naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira.

Aliniambia mwenyewe: "Imeshafuliwa, imepigwa pasi, wewe vaa tu." Koti likaja kwenye mfuko wa nailoni, limekunjwa vizuri, kola imesimama, mikono ina mstari wa pasi ulionyooka, linanukia marashi. Nani asingeamini? Nguo chafu nani huipiga pasi vile? Halafu mwenzetu mmoja, mnamjua, alishachukua blauzi kwake na hakulalamika. Nikaamini kama ambavyo yeyote kati yenu angeamini.

Nikalivaa kikao cha ukweni. Ukumbi umejaa, madirisha yamefungwa, joto. Jasho lilipoanza tu, kola ikalegea na kunata shingoni kama uji unaokauka. Marashi yakaisha, ikapanda harufu nyingine: uvundo wa nguo iliyofungiwa na unyevu, umechanganyika na jasho la mtu nisiyemjua. Shemeji aliyekaa kushoto kwangu akageuza uso, baadaye akasogeza kiti. Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona kama kuna kitu kimevunda hapa?" Mbele ya watu! Nilipolivua nje, ndani ya viwiko nilikuwa nimetoka vipele.

Nyumbani nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, bila sabuni. Maji yakawa meupe, yanateleza vidoleni. Wanga huo! Nikamwaga, nikaweka mengine, safari hii yakatoka ya kahawia. Kumbe hakufua kitu. Alipulizia wanga juu ya uchafu, akapiga pasi, akamalizia na marashi. Na hiyo pasi ndiyo iliyoharibu zaidi, maana joto hukaza madoa ya jasho. Ya kwapani yamebaki manjano mpaka leo.

Mtumba kunuka si ajabu. Nguo zinabanwa kwenye robota, zinakaa wiki nyingi ndani ya kontena, na unyevu kidogo tu unatosha kuotesha ukungu. Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa kuficha na kusema amefua.

Walio na mzigo wake, fanyeni hivi kabla nguo haijagusa mwili. Igeuzeni ndani nje, vuteni mifuko yake itokeze nje, ianikeni penye upepo kutwa nzima. Pasi isiguse kwanza. Kisha lowekeni kwenye maji ya uvuguvugu matupu, mmwage na kubadilisha mpaka yaache kuteleza, kwa sababu wanga ukibaki ndani, nguo ikikauka itakakamaa tena. Harufu ya ukungu mimi niliitoa kwa siki nyeupe, kikombe kimoja kwenye lita 10 za maji, nikaacha saa moja, ndipo nikafua kwa sabuni. Siki isichanganywe kabisa na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, inatoa hewa ya sumu. Sabuni nayo isizidi, na suuzeni sana, kwani sabuni isiyotoka inakakamaza kitambaa kama wanga tu. Anikeni tena ndani nje, na mnuse nguo ikiwa imekauka kabisa, maana ikiwa mbichi inaweza kuwadanganya. Ikinuka bado, rudieni. Poliesta inasumbua kuliko pamba, inashika mafuta ya jasho. Langu kitambaa kimepona, lakini zile pedi za mabega zimegoma, ukungu umeingia ndani ya sponji. Nimezifumua nikatupa.

Huyu mtu afungiwe! Arudishe pesa za watu wote, na aombe radhi hadharani kama mimi nilivyoaibika hadharani. Nilipompigia alisema "mtumba ndivyo ulivyo", akakata simu. Mazungumzo yote ninayo, anayetaka kwenda kushtaki naye aniambie twende pamoja.

Mnauliza dalili. Marashi makali kupita kiasi. Kufungafunga nailoni na kutokutaka ufungue kabla ya kulipa. Nje kitambaa kigumu, lakini ukiingiza mkono mfukoni ni laini, kwa sababu wanga hakupulizia huko. Na kwapani, hemea pumzi ya moto halafu unuse hapohapo, uvundo unaamka. Mimi hata nafasi ya kunusa hakunipa, alituma kijana aache mzigo mlangoni aondoke.

Kuna mwenzetu amechukua kwake nguo za mtoto mchanga juzi. Tafadhali, anayemjua ampigie sasa hivi, asimvalishe mtoto kabla ya kuzifua.