Mzio wa penisilini au tumbo tu kuchafuka?

Kijitabu cha kliniki cha mama mjamzito wa Langoni, Lamu, kimeandikwa kwa wino mwekundu: "Mzio wa penisilini." Leo kipimo kimeonyesha ana kaswende. Muuguzi hamchomi sindano, anamuuliza kwanza: "Mwanangu, ulipoimeza ulipatwa na nini? Baada ya muda gani?"

Mzio wa kweli wa hatari kwa kawaida huja upesi, mara nyingi ndani ya saa moja: mabaka yanayowasha na kuvimba, midomo kufura, kifua kubana, presha kushuka. Aliyepatwa na hayo hapewi tena kienyeji. Vilevile aliyebabuka ngozi na kutoka malengelenge, hata kama ni siku kadhaa baadaye. Huyo asijaribiwe kabisa.

Mama huyu alimeza amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, kwa ajili ya jino, siku ya tatu akaharisha. Hakuvimba wala hakuwashwa, na alipomaliza dozi kukaisha. Hayo ni madhara ya kawaida ya dawa: huudhi, lakini si mzio.

Tofauti hiyo inamgusa mtoto tumboni. Kati ya dawa mbadala, erithromaisini haivuki kondo vya kutosha kumtibu, na doksisaiklini haifai kwa mjamzito. Benzathini penisilini ndiyo tegemeo, yuniti milioni 2.4. Angekuwa na ule mzio wa kweli unaokuja upesi, angepelekwa hospitali azoeshwe dawa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Daktari akakata yale maandishi, akaandika "aliharisha kwa amoksilini" na tarehe, ndipo sindano ikachomwa.