Sindano butu: sweta imekosewa rangi, na hatufumui!

Haya wapendwa, karibuni tena. Niko Kirumba hapa Mwanza, na leo nina sindano moja tu mkononi, ila nimeipenda hadi video ya kofia nimeisogeza mpaka Jumamosi, mtanivumilia. Urefu wake siwachoshi nao, sindano mnazijua. Nataka muione ncha. Ona, naikandamiza kidoleni na hainichomi. Ni butu, na ndiyo raha yake.

Sweta hii ni ya mtoto, kaniletea mteja. Bluu nzito, ina visanduku vyeupe kifuani. Angalia kisanduku cha pili, hapa pembeni: mishono minne myeupe imeingia mahali pa bluu. Na sweta imeshaunganishwa mpaka mikono. Mteja kaambiwa hakuna namna, ifumuliwe hadi kifuani. Jamani, hapana! Mishono minne haifumuliwi, inafunikwa.

Nachukua uzi wa bluu uleule, unene uleule. Ukiweka mwembamba, weupe utachungulia tu hata ushone vipi. Nakata kama sentimita 50, maana uzi mrefu unasuguka kila unapopita na unaota manyoya kabla hujamaliza. Ndani ya sweta naingiza kipande cha boksi, nisije nikashona kifua na mgongo pamoja.

Upande wa mbele kila mshono ni V, mnaiona? Naanza na V ya mwisho kulia. Natokeza sindano kutoka ndani, kwenye ncha ya chini ya V, nabakiza mkia wa sentimita 15 kule ndani. Sasa tazama V iliyo juu yake moja kwa moja. Napitisha sindano nyuma ya miguu yake yote miwili, kutoka kulia kwenda kushoto. Navuta. Narudi kwenye tundu lilelile nililotokea, nazama, na hapohapo natokeza chini ya V inayofuata kushoto. Nyeupe ya kwanza imeshafunikwa.

Narudia polepole, kwa sababu hapa ndipo ninapoipendea. Ikipita nyuma ya miguu miwili inateleza, inasukuma nyuzi pembeni. Sasa nachukua sindano kali ya kushonea nguo. Ona, imekwama! Imetoboa uzi wenyewe katikati. Nikivuta, nyuzinyuzi nyeupe zinajichomoza kwenye bluu, na mshono umekaa upande. Ukihisi sindano inakwamakwama, usilazimishe. Ichomoe, pita upya.

Wapo wanaosifia ya plastiki. Ninayo, na kweli haitoboi uzi, ila kichwa chake ni kinene, kwenye sweta iliyobanwa kama hii inatanua mishono. Kwenye uzi mnene sina ugomvi nayo.

Halafu kuvuta. Ukibana, bluu inazama katikati ya V na weupe unatokea pande zote mbili. Ukilegeza, uzi unabaki kitanzi cha kunasa vidole vya mtoto. Vuta mpaka miguu mipya ilale sawasawa juu ya ile ya zamani, uachie hapo.

Sasa, mlioniomba picha ya samaki kwa mshono huuhuu. Huyu hapa, sato mdogo wa rangi ya chungwa juu ya mfuko wa sweta, na jicho lake ni mshono mmoja tu mweusi. Ila msimchore kwenye daftari la hesabu mkamhamisha vilevile, atatoka bapa. Mshono wa sweta ni mpana kuliko kimo chake, kwa hiyo mishono 5 ya upana inataka kama mistari 7 kwenda juu ndipo upate mraba. Na msinijazie kifua kizima! Kila mshono hapa ni uzi juu ya uzi, sehemu inakuwa nene na ngumu, sweta inaacha kuvutika. Picha kubwa ifumwe na rangi zake tangu mwanzo.

Kitu kingine kinachonikera ni kuahidiwa kwamba nyeupe inafunika bluu. Nimewawekea hapa mfano: kwa mbali sawa, ila mtoto akivuta tu, bluu inatokea. Rangi nzito juu ya nyepesi ndiyo inakaa vizuri.

Bei: pakiti ya sindano tatu nimeipata Makoroboi kwa shilingi 1,500. Duka jingine mjini walitaka 2,000 kwa moja, nikaondoka. Zungukeni kwanza, na ijaribuni ncha kidoleni kabla ya kulipa, kwa sababu pakiti nyingine zimechanganywa na kali.

Namalizia mkia. Naugeuza ndani, naupitisha nyuma ya mishono ya bluu, si nyeupe, usije ukaonekana mbele kama kivuli. Naenda mishono kama sita, narudi kidogo, nakata. Nainyoosha sweta, haifunguki. Kamera njoo karibu. Nionyesheni nyeupe zilikuwa zipi, andikeni hapo chini.