Save As au Microsoft Print to PDF: viungo vya slaidi vinabaki wapi?

Kwenye PowerPoint ya Windows, `Save As` ukichagua PDF hubeba anwani iliyofichwa chini ya maneno kama “Jisajili hapa”. `Microsoft Print to PDF` hupokea mwonekano wa ukurasa tu, kama printa ya kawaida, hivyo maneno hubaki na rangi yake ya buluu bila anwani. Pitisha kipanya juu yake: kisipogeuka mkono, kiungo kimekufa.

Kuchapa kunafaa unapotaka slaidi sita kwa ukurasa, za kugawa kwenye karatasi. Hapo andika anwani nzima, ukianza na `https://`. Acrobat Reader huweza kuitambua yenyewe. Faili la kutuma kwa barua pepe, mimi hupitisha `Save As`.