Valvu ya geti na valvu ya globu: ipi ya kufungia, ipi ya kupunguzia maji

Anayesoma katalogi ya Kiingereza katika duka la vifaa vya bomba hapa Tanga hukuta valvu hizi mbili zikiwa na gurudumu la mkono linalofanana, na ni rahisi kudhani kwamba moja inaweza kushika kazi ya nyingine. Tofauti iko ndani. Katika valvu ya geti, bamba la chuma hupanda na kushuka kukata njia, na likipanda lote maji hupita moja kwa moja; katika valvu ya globu, iliyopewa jina kwa umbo la mviringo la mwili wake, maji hupinda, hupita kwenye tundu la kikalio, yaani mahali diski inapokaa ili kufunga, kisha hupinda tena, ndiyo maana hupoteza presha zaidi hata ikiwa wazi kabisa.

Geti, basi, ifunguliwe yote au ifungwe yote. Niliwahi kutenganisha vipande vya moja iliyoachwa nusu wazi kwa muda mrefu kwenye bomba la pampu: ukingo wa chini wa bamba ulikuwa umelika, na maji yaliendelea kuchuruzika hata gurudumu lilipokazwa hadi mwisho. Pale palihitaji globu, ambayo diski yake hukikaribia kikalio taratibu na kupunguza maji kwa kiasi kinachotakiwa, mradi iwekwe kwenye bomba kwa kufuata mshale ulio ubavuni.

Valvu ya boli hufunga kwa robo mzunguko na, kama geti, haifai kuachwa nusu. Valvu ya cheki haina mkono: maji huifungua yenyewe, na yakitaka kurudi nyuma valvu hujifunga.