Uzoefu wangu: eksirei ya kifundo cha mguu Dar, na daktari aliyeanza na mfupa badala ya uvimbe

Naandika kwa ajili ya yeyote aliyeteguka mguu hapa Dar na anajiuliza kama aende kupiga picha au abaki nyumbani na barafu. Mimi nilihudumiwa katika hospitali binafsi ya ukubwa wa kati upande wa Tabata. Mashine yao ya eksirei ni ya kawaida tu, kama zilivyo nyingine mjini. Ninachowasifia ni kwamba daktari alinishika mguu, akaubonyeza sehemu kwa sehemu, na alipomaliza nilijua kwa nini naenda kwenye picha na picha inatafuta nini.

Niliumia nikishuka daladala Buguruni, mvua imetoka kunyesha. Mguu wa kulia ulitua kwenye ukingo wa mtaro, unyayo ukapinduka kwa ndani, uzito wote ukaishia upande wa nje wa enka. Konda alinidaka mkono. Nikajaribu kukanyaga, mguu ukakataa kabisa, nikapakizwa kwenye bajaji. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo, kama umeng'atwa na nyigu. Shangazi yangu alipopigiwa simu akasema, "Mwanangu, usipoteze hela, huo haujavimba. Umeteguka tu. Nikuletee mama wa kukuchua."

Nilimwelewa, kwa sababu ndivyo wengi tunavyopima: kikivimba sana kimevunjika, kikivimba kidogo kimeteguka. Tena nyumbani kwetu tulishaona kinyume chake. Mtoto wa dada yangu aliumia kifundo kwenye mpira wa mtaani, na kufika jioni mguu ulikuwa umejaa mpaka kiatu hakiingii, ngozi imeiva rangi ya zambarau. Alipelekwa zahanati moja, wakautazama tu bila kuugusa, wakamwandikia eksirei. Mifupa yote ilikuwa mizima. Alikuwa anatembea huku akichechemea tangu uwanjani, lakini hakuna aliyemuuliza hilo.

Kwa hiyo nilipofika Tabata swali langu la kwanza lilikuwa hilo la uvimbe. Daktari, kijana mpole, akaniambia, "Mama, uvimbe ni damu na maji. Ligamenti, kamba inayofunga mfupa na mfupa, ikichanika inavuja damu nyingi hata kama mfupa haujaguswa. Na ufa mwembamba ambao haujaachana unaweza kuvuja kidogo tu mwanzoni. Uvimbe unanionyesha umeumia. Kama ni mfupa, hilo nalitafuta kwa kidole."

Kabla ya kunigusa aliuliza mambo mawili. Je, nilikanyaga hatua zozote palepale nilipoumia? Na sasa hivi, nikishikiliwa, naweza kukanyaga hatua 4? Akanieleza kuwa kuchechemea kunahesabika kama kutembea. Hatafuti mwendo mzuri, anataka kuona kama mguu unabeba uzito, mara mbili kila mguu. Nilijaribu mbele yake. Hatua ya kwanza ilinitoa machozi, ya pili sikuifikia.

Halafu ikaja sehemu ambayo ningependa kila anayepokea wagonjwa wa enka aifanye. Alianza mbali na maumivu. Alibonyeza chini ya goti upande wa nje, kwenye kichwa cha ule mfupa mwembamba uitwao fibula, kwa sababu msokoto wa enka unaweza kuvunja fibula huko juu huku mgonjwa akilalamikia chini. Hapo sikusikia kitu. Akashuka taratibu na kidole gumba kimoja, akifuata ukingo wa nyuma wa fibula, na alipokaribia fundo la nje, lile nundu la mfupa ubavuni mwa enka, akaanza kwenda kipande kwa kipande. Aliniambia sehemu anayoijali zaidi ni sentimita 6 za mwisho za ukingo huo, kama upana wa vidole vitatu au vinne, pamoja na ncha ya fundo lenyewe.

Nikamuuliza kwa nini anashughulika na nyuma wakati mimi naumwa mbele. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Mbele na chini kidogo ya fundo la nje ndipo ilipo ligamenti inayochanika mara nyingi mguu unapopinduka kwa ndani. Uvimbe hukusanyika hapo, na ukibonyeza hapo kila aliyeteguka atapiga kelele, awe amevunjika au hajavunjika. Maumivu ya pale hayatofautishi. Ukingo wa nyuma hauna ligamenti hiyo, kwa hiyo mtu akiruka unapobonyeza mfupa wa nyuma, yaelekea ni mfupa wenyewe unaolalamika.

Nami niliruka. Ilikuwa juu kidogo ya ncha, upande wa nyuma, mahali ambapo hapakuwa na uvimbe wowote wa kuonekana. Ni doa dogo, unaweza kulifunika kwa sarafu. Alipotoka hapo na kurudi, maumivu yaliondoka na kurudi naye.

Hakuishia hapo. Alibonyeza fundo la ndani kwa namna ileile, nyuma na kwenye ncha, na hapo nilikuwa salama. Akasema hiyo ni habari njema kwa sababu mbili: mfupa wa ndani haujaguswa, na pia ligamenti ya ndani inaelekea ni nzima, hivyo hata kama fibula imevunjika kifundo hakijalegea pande zote. Akaenda kwenye unyayo, akabonyeza lile nundu la pembeni, katikati ya kisigino na kidole kidogo. Kuna msuli umeshikizwa hapo, na mguu ukipinduka unaweza kung'oa kipande cha mfupa. Mgonjwa huyo naye atasema "nimeumia enka", lakini anahitaji picha ya unyayo. Akiandikiwa ya kifundo pekee, ufa wa pale unaweza kupita bila kuonekana. Mwisho akagusa mfupa wa juu ya upinde wa unyayo, upande wa ndani. Kote huko kulikuwa shwari.

Kumbe utaratibu huu una jina. Ni kanuni za Ottawa, zilizotungwa na madaktari wa mji huo wa Kanada wakiongozwa na Dkt. Ian Stiell na kuchapishwa mwaka 1992. Waliona kwamba karibu kila aliyeteguka alipigwa picha, ilhali waliovunjika ni wachache, pungufu ya 15 katika kila 100. Kanuni inasema hivi: kama unaumia eneo la mafundo, picha inahitajika iwapo mfupa unauma ukibonyezwa kwenye zile sentimita 6 za nyuma au ncha, nje au ndani, au iwapo hukuweza kukanyaga hatua 4 palepale na bado huwezi mbele ya daktari. Kama hakuna hata kimoja, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na unaweza kurudi nyumbani bila eksirei. Uvimbe haumo kabisa kwenye masharti hayo.

Ila daktari alinionya nisiisome kinyume. Kuumia mfupani hakumaanishi umevunjika. Wengi wanaotumwa kwenye picha hukutwa wazima. Kanuni ni nzuri kwa kuwaondoa wasiohitaji picha, si kwa kutoa hukumu. Na kuna watu ambao kidole hakiwezi kuwaamini: aliyelewa, aliyeumia sehemu nyingine vibaya hadi enka haisikii, na mwenye kisukari kilichomtia ganzi miguuni. Huyu wa mwisho anaweza kutembelea mfupa uliovunjika bila kulia, na sisi wenye wazazi wenye sukari tulizingatie hilo. Hata uvimbe ukiwa mkubwa mno mpaka mfupa haupapasiki, kanuni haitumiki tena na picha inapigwa. Hapo tu ndipo uvimbe unapokuwa na neno.

Chumba cha eksirei kilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kulipia. Nilipigwa picha tatu: ya mbele, ya ubavu, na ya tatu mguu ukiwa umegeuzwa kidogo kwa ndani. Dada wa eksirei aliniwekea mto wa sponji, akanisaidia kuugeuza mguu wote kuanzia kwenye nyonga ili nisipindishe kifundo. Hiyo ya tatu inaonyesha nafasi kati ya mfupa wa chini na mafundo mawili yanayoukumbatia. Nafasi hiyo ikiwa sawa pande zote, kifundo kimekaa mahali pake. Ikipanuka upande wa ndani, kimelegea, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo ya upasuaji yanapoanza.

Daktari alinionyesha kwenye skrini. Picha ya mbele sikuona kitu, naye akakiri kuwa kwa hiyo peke yake mtu angeweza kusema niko mzima. Ya ubavu ndiyo iliyosema: mstari mwembamba uliolala mshazari kwenye fibula, ukimalizikia nyuma, palepale niliporuka. Ile ya tatu ilionyesha nafasi iko sawa. Hapo nikamfikiria yule mama wa kuchua na mafuta yake ya nazi. Ufa kama ule, ukivutwa na kukandwa, unaweza kuachana, na kitu cha kutibiwa kwa kutulizwa kikageuka cha kupasuliwa.

Nilifungwa plasta ngumu ya nusu kwanza ili uvimbe upate nafasi, nikaambiwa niinue mguu juu ya usawa wa moyo, na nirudi baada ya wiki moja kwa picha nyingine. Hiyo ya pili si ya kula hela. Ufa ambao haujaachana siku ya kwanza unaweza kusogea uvimbe unaposhuka, na usipotazamwa mapema huunga vibaya. Wangu haukusogea. Plasta kamili ikawekwa, na jumla niliambiwa nitegemee wiki 6 hivi kwa mfupa kuunga.

Kwa wale wanaorudishwa bila picha, daktari alitoa agizo ambalo mtoto wa dada yangu hakuwahi kupewa: kama baada ya siku 5 hadi 7 bado huwezi kukanyaga, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, rudi upimwe upya.

Kwa huduma nawapa nyota 4 kati ya 5. Iliyobaki naizuia kwa sababu ya dirisha la malipo, ambapo nilisimamishwa kwa mguu mmoja nikingoja risiti wakati viti vya magurudumu viwili vilikuwa vimeegeshwa pale pembeni, na kwa sababu hawakuwa na magongo. Iliniwajibu kumtuma mtu akanunue duka la dawa nje, naye akaleta mafupi kuliko kimo changu. Ukienda, piga simu kwanza uulize magongo, na taja urefu wako.