Kubadili injini au kubadili egzosi: kipi kinaripotiwa Kenya?

Chukua Toyota Premio ya mwaka 2005 yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1497. Mwenyewe anaona mlimani inachoka, anainunulia 1ZZ-FE ya cc 1794. Hapo ameshagusa logibuku, maana namba ya injini na ukubwa wake vyote vimeandikwa humo. Ni lazima aombe mabadiliko kwa NTSA na gari likaguliwe. Risiti ya injini na karatasi za ilikotoka azitunze kama yai. Fundi akikuuzia injini bila karatasi, ujue bei nafuu ile ina sababu. Mkaguzi anasoma namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, na isipolingana na logibuku, gari linaanza kufanana na la wizi. Balaa hilo hujitokeza hasa siku ya kuuza.

Egzosi ya kelele haina mstari kwenye logibuku, kwa hiyo hakuna namba ya kubadilisha. Wengi hudhani basi ni ruhusa. La: sheria inataka sailensa inayofanya kazi, na ukiikata trafiki anakusikia kabla hajakuona. Springi zilizokatwa ili gari lishuke ziko kundi hilohilo. Ukikata kona huku usukani umepinda hadi mwisho, tairi likikwaruza fenda, mkaguzi naye ataliona.

Bima ndiyo inayounganisha yote mawili. Iambie kampuni yako ya bima kwa maandishi, hata kama ni egzosi tu.